Uzi: Pilau ya walima wa watu 200, kila mtu anapata protini na wanga kiasi gani?

Mtoto wa Limbani

Assalaam alaykum wakubwa kwa wadogo. Tuna walima hapa Wete, watu 200 kwa kadi, na daftari la vyakula nimekabidhiwa mie. Mpishi keshaleta orodha yake: mchele kilo 30, nyama ya ng'ombe ya mifupa kilo 24, mbatata kilo 10, vitunguu maji kilo 6, mafuta lita 4, viungo atakuja navyo mwenyewe. Kachumbari na ndizi pembeni, soda mwisho.

Suala langu si bei. Baba ana kisukari, anachoma insulini kabla ya kula, na kliniki wamemfundisha ajue wanga wa chakula chake kwa gramu. Nyumbani tunamudu kwa sababu sufuria ni dogo na tunajua kilichoingia. Kwenye shughuli tunapotea kabisa, na yeye hataki kukaa nje ya sinia siku ya harusi ya mwanawe. Upande wa pili mama mkubwa ananung'unika kwamba nyama ni kidogo, wageni watakula wali mtupu. Nataka hesabu mbili tu: pilau hiyo ikigawiwa sawasawa, mtu mmoja anapata wanga kiasi gani na protini kiasi gani? Tunakula wanne wanne kwenye sinia.

Daktari Mtarajiwa

Wa alaykum salaam. Hii rahisi kaka. Jedwali la vyakula linasema wali una wanga gramu 28 kwa kila gramu 100. Kilo 30 mara asilimia 28 ni kilo 8.4. Gawa kwa 200, kila mtu gramu 42. Nyama jedwali linasema gramu 26 za protini kwa kila gramu 100, kwa hiyo kilo 24 ni kilo 6.24, gawa kwa 200 unapata gramu 31 kila mtu. Pilau yenu ni ya afya sana, wanga kidogo protini nyingi. Mwambie baba ale bila hofu.

Ami wa Kojani

Watu 200 mnapima nyama kwa kilo? Siku hizi mambo yamekuwa ya ajabu. Sie tulikuwa tunachinja ng'ombe mmoja, shughuli imekwisha, na majirani wanapata. Tafuta ng'ombe wa wastani huko Micheweni mapema, usingojee watu wauze karafuu maana bei inapanda.

Mtoto wa Limbani

Ami ahsante, ila nyama tumeshapata, ni hizo kilo 24 kutoka buchani. Nataka kujua kilichomo ndani ya sahani.

Daktari, gramu 42 mbona ndogo? Baba nyumbani akila wali bakuli dogo tunahesabu 60.

Bi Madungu

Mwanangu, hilo bakuli la baba yako limekupa jibu. Mie nimepika jikoni hospitali kwa muda mrefu na shughuli za Chake nazipika mpaka leo, na kosa hili naliona kila mara. Gramu 28 ni za wali uliokwisha pikwa. Kilo 30 za mpishi ni mchele mkavu ndani ya polo. Mchele ukipikwa unakunywa maji, kilo moja inakuwa kilo mbili na zaidi, na ule wanga unabaki uleule ila umesambaa ndani ya uzito mkubwa zaidi. Ukichukua namba ya wali ukaipiga kwenye mchele, umeufuta wanga kwa zaidi ya nusu. Mchele mkavu una wanga kama gramu 79 kwa kila gramu 100, na protini kama gramu 7.

Njia ya kuligundua ni hiyo aliyotumia kijana. Gramu 42 za wanga ni wali wa gramu 150, yaani vijiko vichache vya kupakulia. Hakuna mtu wa Pemba anayeinuka kwenye walima na gramu 150 za wali tumboni.

Kanuni yangu kwa chakula cha wengi: hesabu kila kitu kikiwa kibichi, kabla hakijaona moto, kwa namba za jedwali za vitu vibichi. Ukianza na kibichi malizia na kibichi. Sababu yake ni kwamba ubichi ndio uzito pekee unaoujua kwa hakika, upo kwenye risiti. Uzito wa kilichopikwa unategemea mpishi, kuni, kifuniko, na aina ya mchele. Basmati inakunywa maji kwa namna yake na mchele wa Mbeya kwa namna yake, lakini kilo kwa kilo vikiwa vikavu, wanga wao unakaribiana sana.

Basi tuifanye:

Mchele kilo 30, wanga kilo 23.7, protini kilo 2.1.

Nyama kilo 24. Hii ni ya mifupa. Kwenye mchanganyiko wa buchani mie natoa robo kwa mifupa na mishipa, zinabaki kilo 18 za mnofu. Mnofu mbichi una protini kama gramu 20 kwa kila 100, kwa hiyo kilo 3.6. Wanga hamna.

Mbatata kilo 10, ukimenya unapoteza kilo moja na nusu hivi. Zilizobaki wanga wake asilimia 17, unapata kama kilo 1.4, na protini gramu 170.

Vitunguu, baada ya maganda, wanga kama nusu kilo. Protini yake ni gramu hamsini hivi kwa shughuli nzima, usiumize kichwa.

Mafuta hayana kimoja kati ya hivyo viwili. Yana mambo yake mengine lakini hukuuliza.

Jumla ya wanga kama kilo 25.6, jumla ya protini kama kilo 5.9. Gawa kwa 200: wanga gramu 128, protini gramu 30 kasoro kidogo. Katika hizo 30, kumi na nusu zimetoka kwenye mchele wenyewe, 18 ndizo za nyama.

Daktari Mtarajiwa

Bi Madungu nimekuelewa kwenye mchele. Lakini protini tumekutana palepale, wewe 30 mie 31. Kwa hiyo njia yangu kwa nyama iko sawa.

Bi Madungu

Zimekutana kwa bahati, mwanangu. Wewe umechukua 26, ambayo ni ya nyama iliyopikwa na kukauka maji, ukaipiga kwenye nyama mbichi, na mifupa ukaihesabu kuwa mnofu. Hayo yote yamezidisha. Halafu ukausahau mchele, hapo umepunguza. Leo kimelingana. Kesho mtu akileta nyama ya steki isiyo na mfupa, au mchele ukapungua, kitaachana.

Fundi wa Mafiga

Mie nauliza hapo kwenye nyama. Kilo 24 nikizichemsha zikatoka zinakuwa kilo 16 hivi, naona kwa macho sufuria linavyoshuka. Hizo kilo 8 zilizopotea si zimeondoka na protini yake?

Bi Madungu

Kinachoondoka ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta kidogo. Protini inabaki kwenye nyama, ndiyo maana nyama iliyopikwa ina namba kubwa zaidi kwa gramu 100. Kidogo kinaingia kwenye supu, lakini kwenye pilau supu ndiyo inayopikia mchele, kwa hiyo kinarudi sahanini. Hapo pilau inatofautiana na wali na nyama ya kukaanga.

Isipokuwa wapishi wako wawe na tabia ya kuichota supu asubuhi wakanywa na chapati, kisha wakajazia maji ya bomba. Hapo kilichopotea zaidi ni ladha, protini ni kidogo.

Mtoto wa Limbani

Bi mkubwa Mungu akuzidishie. Sasa gramu 128 kwa mtu mmoja, hiyo ni kubwa sana kwa baba. Lakini hawezi kula robo ya sinia kwa kipimo. Tutajuaje yeye amekula kiasi gani?

Bi Madungu

Hapo ndipo unahitaji namba ya pili, ya kilichopikwa. Lakini usiitoe kwenye jedwali, itoe kwenye sufuria lenu.

Kadiria hivi. Mchele kilo 30 ukipikwa pilau isiyo majimaji unafika kama kilo 72. Nyama na mifupa yake kilo 16. Mbatata za kukaanga kama kilo 8. Vitunguu vilivyokauka na mafuta, kama kilo 5. Jumla ni kilo 100 na kidogo. Kwa hiyo kila mtu nusu kilo, sinia la watu wanne kilo mbili. Na wanga kilo 25.6 ndani ya kilo 100 ni kama gramu 25 kwa kila gramu 100 za pilau yote, nyama na mbatata ndani yake.

Lakini baba yako akisogeza nyama na mbatata pembeni, akala wali peke yake pamoja na vitunguu na mafuta yaliyomo ndani yake, wali huo una wanga zaidi, kama gramu 30 kwa kila 100, kwa sababu sasa hakuna nyama ya kuupunguza. Watu wengi wanateleza hapo. Gramu 200 za wali wa pilau ni gramu 60 za wanga. Hicho ndicho kibakuli chenu cha nyumbani.

Dozi ya sindano sisemi kitu, hiyo ni ya daktari wake. Mie natoa gramu tu.

Jang'ombe Yangu

Ndugu zangu, samahani naingilia. Sie tuna arubaini ya marehemu bibi huku mjini, hitma ya watu kama hao hao. Hatuna uwezo wa nyama, tumepanga wali wa nazi na mbaazi za nazi. Dada anasema mbaazi ni protini kwa hiyo tunaweza kupunguza mchele. Tumepanga mbaazi kavu kilo 10, mchele kilo 30. Hii nayo vipi?

Bi Madungu

Mungu amrehemu bibi. Mbaazi kavu zina protini kama gramu 21 kwa kila 100, kwa hiyo kilo 10 zinatoa kilo 2.1, gramu kumi na nusu kila mtu. Ukijumlisha na ya mchele unafika 21. Si haba kwa hitma.

Lakini dada asisahau kwamba mbaazi zina wanga pia, kama gramu 60 kwa kila 100, na sehemu ya huo ni nyuzinyuzi. Hiyo ni gramu 30 nyingine kila mtu, juu ya zile 118 za mchele. Nyama haina wanga, mbaazi zinao. Kwa hiyo mkipunguza mchele mpaka kilo 25 mtakuwa mmerudi karibu na pilau ya Limbani kwa wanga, na protini itabaki kama 19. Tui la nazi linaongeza mafuta, wanga wake ni mdogo.

Jang'ombe Yangu

Kilo 25 kwa watu 200 wa mjini? Watasema tumewanyima. Tutabaki 30.

Fundi wa Mafiga

Kwa kweli kilo 25 hazitoshi mtu akiwa na njaa. Mie hesabu yangu ya zamani ni kilo moja watu saba wa nyumbani, sita wa shughuli. Kwa 200 nachukua 30 mpaka 33.

Ila Limbani, ukiwa unapandisha kutoka kilo moja ya nyumbani mpaka 30, usizidishe kila kitu mara 30. Maji yatakuua. Nyumbani kwa kilo moja naweka lita moja na robo tatu, supu ikiwemo. Sufuria la kilo 10 nikiweka lita 17 na nusu napata uji. Naweka 15, wakati mwingine 14 kama mchele umelowekwa. Sufuria kubwa linapoteza mvuke kidogo ukilinganisha na chakula kilichomo, halafu tunapalia makaa juu ya kifuniko. Bizari, hiliki, karafuu na mdalasini nazo hazifiki mara 30, zitachoma koo. Chumvi ndiyo inakwenda karibu sawa na mchele.

Bi Madungu

Fundi kasema kweli, na maji yanaingia kwenye hesabu yetu. Pilau ikitoka majimaji, zile kilo 72 zinakuwa 80, na wanga uleule umesambaa zaidi, kwa hiyo gramu 100 za wali zina kama 28 na si 30 tena. Ikitoka kavu sana inapanda. Ndiyo maana nasema uzito wa kilichopikwa upimeni siku yenyewe.

Jambo jingine: kilo 30 hamtazipika sufuria moja. Mtagawa matatu ya kilo kumi kumi. Nyama igaweni kwa mizani kabla, kilo nane kila sufuria, na msiitupe kwa macho. Nimeona sufuria la kwanza likibeba nusu ya nyama kwa sababu aliyegawa alikuwa na furaha, na la mwisho likawa mbatata na harufu. Hesabu ya wastani inabaki sahihi, lakini hakuna mtu aliyekula huo wastani.

Mtoto wa Limbani

Hilo la nyama ndilo la mama mkubwa. Nimemwonyesha gramu 18 za protini ya nyama kila mtu, anasema gramu haoni, anaona vipande.

Bi Madungu

Mpe vipande basi. Mwambie bucha akate kipande cha gramu 80 na mfupa wake. Kilo 24 zinatoa vipande 300. Mna masinia 50, kila sinia vipande 6, kila mtu kimoja na nusu. Protini kilo 3.6 kwa vipande 300 ni gramu 12 kila kipande. Anayepata kimoja ana 12, anayepata viwili ana 24, na wote wawili wana zile kumi na nusu za mchele.

Mama mkubwa hajakosea lakini. Vipande sita kwa watu wanne ni ugomvi wa kimyakimya. Vinane vinakaa vizuri, na vinane kwa masinia 50 ni vipande 400, kilo 32. Ongezeko la kilo 8 linapandisha protini ya mtu kwa gramu 6. Au kateni vidogo vya gramu 60, mtapata vinane kwa kilo 24 hizohizo, protini haiongezeki ila macho yataridhika. Chagueni.

Ami wa Kojani

Si nimesema ng'ombe mmoja!

Fundi wa Mafiga

Ami, ng'ombe mdogo anatoa kilo 90 mpaka 100 za nyama na mifupa. Zote zikiingia kwenye pilau ya watu 200, hiyo si pilau tena, ni bucha. Zamani nyama hiyo haikuingia yote sufuriani. Nusu iligawiwa majirani, nyingine ililiwa usiku na wapishi, utumbo ukaenda kwake. Sahani ya zamani hatujui ilikuwa na nyama kiasi gani.

Ami wa Kojani

Ilikuwa nyingi. Naikumbuka.

Binti Mkoani

Mie naongeza la masinia, maana ndiko niliko kila shughuli, upande wa wanawake, kupakua. Mnaongea wastani wa kilo mbili kwa sinia. Watu wa kwanza wanaopakua wanajaza mlima. Masinia ya kwanza kumi yanapanda, ya mwisho yanatoka na ukoko. Nani anapima?

Bi Madungu

Binti, umegusa penyewe. Chukueni mizani ya duka, ile ya sahani. Weka sinia tupu, soma. Pakua sinia la kwanza kama mnavyotaka liwe, soma tena. Likija kilo mbili, mko sawa. Likija kilo mbili na nusu na kidogo, basi kilo 100 zitakwisha kwenye sinia la 38 au 39, na masinia kama kumi na mbili ya mwisho hayana kitu. Unaligundua dakika ya kwanza badala ya dakika ya arubaini watu wakiwa wamekaa jamvini wamenawa.

Ukishapima la kwanza, liache hapo liwe kielelezo, mpakuaji alitazame. Si lazima upime yote 50.

Binti Mkoani

Na wasioalikwa je? Kadi 200, watu 240. Hilo ni la kawaida huku kwetu.

Bi Madungu

Gawa kwa 240 uone. Wanga unashuka kufika kama gramu 107, protini kama 25. Kwa kisukari ni nafuu, kwa mama mkubwa ni msiba. Na upande wa pili, kinachorudi jikoni kwenye masinia na kilichogandia chini kama ukoko hakikuliwa. Kikirudi kilo 10, kila mmoja wa wale 200 amekula gramu 450 badala ya 500, na wanga wake ni kama 115. Ndiyo maana namba yangu ya 128 naiita ya juu kabisa kwa watu 200, isiyo na mabaki.

Vyakula vinavyopelekwa nyumba za wagonjwa na wazee wasiokuja, hivyo nimeshindwa siku zote kuvihesabu. Havina kadi wala sinia.

Daktari Mtarajiwa

Lakini kwa baba yake Limbani suluhisho ni rahisi. Apakuliwe sahani yake peke yake, wali gramu 150, nyama vipande viwili, kachumbari nyingi. Ipimwe jikoni, wanga 45. Imekwisha.

Ami wa Kojani

Baba wa bwana harusi akae na sahani yake kama mtoto wa skuli? Wageni watadhani ana ugomvi na watu wa sinia lake. Hilo haliwi.

Daktari Mtarajiwa

Ami, afya au aibu?

Ami wa Kojani

Vyote viwili vinaua.

Mtoto wa Limbani

Ami kasema anachokisema baba, neno kwa neno. Sahani amekataa.

Binti Mkoani

Marehemu babu yangu alikuwa na sukari naye hakukubali sahani. Mama alimpima kwa tonge. Nyumbani, pilau ya kawaida, alimwambia atengeneze matonge kumi ayaweke kwenye sahani juu ya mizani badala ya kuyatia mdomoni. Alicheka sana lakini alifanya. Yake yalitoka kama gramu 200 yote kumi, tonge moja gramu 20. Kwa hesabu ya Bi Madungu hiyo ni gramu 6 za wanga kila tonge. Kwenye shughuli alikuwa anahesabu matonge kimya kimya, watu wakidhani anasoma uradi.

Bi Madungu

Hii nimeipenda. Na haihitaji kumtoa kwenye sinia. Ila kila mtu ana mkono wake, usichukue gramu 20 za babu yake Binti ukampa baba yako. Mpime yeye, na mpime kwa pilau, kwa sababu wali wa nazi unashikana na tonge lake linakuwa zito zaidi.

Fundi wa Mafiga

Na mtu mwenye njaa tonge linakua. Mpime akiwa na njaa.

Daktari Mtarajiwa

Tonge si kipimo. Mtu akiongea na jirani anasahau kahesabu mangapi, na insulini keshachoma. Mie bado nasema sahani.

Mtoto wa Limbani

Nimempima leo mchana, alikataa kwanza kisha akakubali kwa masharti kwamba nisimwambie mtu. Matonge kumi yametoka gramu 260. Mkono wa mvuvi. Kwa hiyo tonge moja ni kama gramu 8 za wanga. Akitaka kubaki kwenye 60 zake ni matonge saba na nusu. Ameuliza nusu ya tonge inaliwaje.

Swali la mwisho, ndizi na soda nimeziacha nje ya hesabu yote. Ziingie?

Bi Madungu

Ziingie, na hizo ndizo zitakazomharibia hesabu kuliko pilau. Ndizi mbivu, nyama yake tupu gramu 100, ina wanga kama 23. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari gramu 35 na zaidi, na hiyo inapanda kwenye damu haraka kwa kuwa haina cha kuizuia. Ndizi moja na soda moja ni 60 nyingine, sawa na matonge yake yote saba na nusu. Halua ikipita pembeni sisemi. Mwekee maji kwenye gilasi ya rangi kama wengine wasione, ndizi mpe mtoto aliyekaa karibu naye. Mbatata nazo azipishe, kipande cha gramu 50 kina wanga wa kama tonge moja lake.

Kuhusu kuchoma sindano kabla au baada, mpeleke kliniki na hizi namba kabla ya siku yenyewe, waambie kuna matonge saba, walima unaanza saa ngapi, na kwamba chakula cha shughuli huchelewa. Hilo la kuchelewa ndilo litakalowashughulisha, maana sindano ikishachomwa haingojei wapakuaji.

Mtoto wa Limbani

Kadi inasema saa saba mchana.

Fundi wa Mafiga

Basi waambie saa tisa.